Kutoka mhadhara wa riba hadi lahajedwali: kisa cha mkopo mmoja wenye marejesho mawili

Mhadhara unaochambuliwa hapa ni ule unaofundishwa karibu kila kozi ya hesabu za biashara. Unaanza na riba sahili, unapita kwenye riba mchanganyiko, kisha unaishia kwenye mkopo unaolipwa kwa marejesho sawa ya kila mwezi. Mfano wake ni mmoja: mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba ya 18% kwa mwaka. Ubaoni panabaki majibu mawili. Kwa riba isiyopungua, yaani inayohesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, rejesho la mwezi ni 118,000. Kwa riba ya salio linalopungua, rejesho ni 110,016. Wanafunzi wanatoka wakiwa wamenakili fomula zote mbili. Kazi inayofuata ni kuwatengenezea lahajedwali wanaloweza kulijaza mkopo wowote na kupata jibu wanaloweza kuliamini.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye ukaguzi. Fomula ni nne au tano tu, na programu zote za lahajedwali zinazo tayari. Lakini lahajedwali la mkopo lina tabia ya hatari: likikosewa, mara nyingi bado linatoa ratiba nzuri inayoishia kwenye salio la sifuri. Kwa hiyo uchambuzi huu unatumia muda mwingi kwenye swali moja, nalo ni jinsi ya kujua kwamba namba iliyotoka ni sahihi.

Kuusoma mhadhara kabla ya kufungua programu

Mhadhara unapangwa kwa mtiririko wa kufundisha, kutoka jepesi kwenda gumu. Lahajedwali linapangwa kwa mtiririko wa kutumia: kinachoingizwa, kinachokokotolewa, kinachokaguliwa. Anayegeuza mhadhara sura kwa sura huishia na karatasi tano zisizoongea, kila moja na seli yake ya mkopo na riba, na mtumiaji anabadilisha moja na kusahau nyingine. Ni bora kupitia daftari na kuandika pembeni mambo matatu kwa kila fomula: inahitaji nini, kipimo chake ni mwaka au mwezi, na inachukulia nini bila kusema.

Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. Fomula ya marejesho sawa iliyo ubaoni inachukulia kwamba rejesho la kwanza linalipwa mwezi mmoja baada ya fedha kutolewa, kwamba miezi yote ni sawa, na kwamba kiwango cha riba hakibadiliki. Mhadhiri hakuhitaji kuyasema kwa sababu mfano wake ulikuwa hivyo. Lahajedwali linahitaji, kwa sababu litakutana na mikopo isiyo hivyo. Rejesho la kwanza likikatwa siku ileile ya kutoa mkopo, jibu la mfano huu linashuka kutoka 110,015.99 hadi 108,390.14, na hakuna kitakachoonekana kibaya kwenye ratiba. Andika masharti hayo kwa maneno juu ya karatasi ya kwanza, pale jicho linapotua.

Seli za kuingiza

Karatasi ya kwanza tuiite `Ingizo`. Mtumiaji anajaza seli tano tu, nazo ziwe na rangi moja tofauti na nyingine zote: `B3` mkopo, `B4` riba ya mwaka inayotajwa, `B5` idadi ya miezi, `B6` ada inayokatwa mwanzoni, na `B7` rejesho la mwezi lililoandikwa kwenye mkataba. Hiyo ya tano haimo kwenye mhadhara, na tutaona chini kwa nini ndiyo inayoipa kazi nzima maana.

Chini yake zinakuja seli za hesabu, ambazo zinafungwa ili zisiandikwe juu yake:

```
B10  =B4/12
B11  =ROUND(PMT(B10,B5,-B3),0)
B12  =ROUND((B3+B3*B4*B5/12)/B5,0)
B13  =12*RATE(B5,-B7,B3)
B14  =12*RATE(B5,-B7,B3-B6)
```

`B10` ni riba ya mwezi, `B11` ni rejesho la salio linalopungua na `B12` ni la riba isiyopungua. Alama ya kutoa mbele ya `B3` ndani ya `PMT` ina sababu yake: programu inahesabu fedha inayoingia mfukoni kuwa chanya na inayotoka kuwa hasi, kwa hiyo ukiingiza mkopo kama chanya rejesho linatoka hasi. Ndani ya `RATE` ni lazima mkopo na rejesho viwe na alama tofauti. Vikiwa sawa, seli inaonyesha `#NUM!`, kwa sababu hakuna kiwango cha riba kinachoweza kusawazisha fedha zinazokwenda upande mmoja tu.

Fomula ndefu ya ubaoni, ile yenye `(1+i)` kwa kipeo hasi, haina haja ya kuandikwa hapa. Ikiandikwa kwa mkono ina kasoro moja: riba ikiwa 0% inagawanya sifuri kwa sifuri na kutoa `#DIV/0!`, wakati `PMT` inarudisha 100,000 kama inavyotakiwa. Kuna mikopo halali isiyo na riba, hasa ya ndani ya vikundi na ya mwajiri kwa mfanyakazi, kwa hiyo hilo si jambo la kupuuza.

Kwenye kompyuta nyingine, kutegemea mpangilio wa lugha, sehemu za fomula zinatenganishwa kwa nukta-mkato badala ya mkato, na desimali zinaandikwa kwa mkato. Fomula iliyonakiliwa kutoka kwenye karatasi za mhadhara inakataliwa papo hapo, na hiyo ni afadhali. Kibaya zaidi ni kuandika 1.200.000 mahali ambapo nukta ni ya desimali: programu inaihesabu seli hiyo kuwa maandishi, na fomula zote zinazoitegemea zinatoa `#VALUE!`. Namba inayokaa upande wa kushoto wa seli bila wewe kuipanga huko ni dalili kwamba imesomwa kama maandishi.

Ratiba

Karatasi ya pili, `Ratiba`, ina safu sita: A mwezi, B salio la mwanzo, C riba, D rejesho, E mtaji uliopungua, F salio la mwisho. Mstari wa 2 unaanza hivi:

```
A2  1
B2  =Ingizo!B3
C2  =ROUND(B2*Ingizo!$B$10,0)
D2  =IF(A2=Ingizo!$B$5,B2+C2,Ingizo!$B$11)
E2  =D2-C2
F2  =B2-E2
```

Kuanzia mstari wa 3, `A3` inaongeza moja mradi idadi ya miezi haijafikiwa, na isipokuwa hivyo inabaki tupu. `B3` inachukua `F2`. Nyingine zinafuata muundo ule wa juu, zikiwa zimefunikwa na `IF(A3="","",...)` ili mistari iliyozidi isionyeshe takataka. Mistari 60 inatosha miaka mitano. Weka kizuizi kwenye `B5` ya `Ingizo` ili ikubali namba nzima kati ya 1 na 60, vinginevyo mtu ataingiza 72 na ratiba itakatika katikati ya mkopo.

Kuna maamuzi mawili humu ndani. La kwanza ni `ROUND`. Kubadilisha mwonekano wa seli ili desimali zisionekane hakuziondoi. Zinabaki chini na kujumlishwa. Mwanafunzi atakayejumlisha kwa mkono zile namba anazoziona atapata jumla inayotofautiana na ya kompyuta kwa moja au mbili, na kuanzia hapo hataiamini karatasi yote. Fedha inayolipwa ni namba nzima, basi ikadiriwe kwenye fomula yenyewe.

La pili ni kwamba rejesho la mwisho halilazimishwi kuwa 110,016. Linachukua salio lililobaki pamoja na riba yake. Kukadiria kila mwezi kunaacha mabaki madogo, na ni lazima yalipwe mahali fulani. Kwa mkopo wetu ratiba inakwenda hivi: mwezi wa 1 riba ni 18,000, mtaji unaopungua ni 92,016, salio 1,107,984. Mwezi wa 2 riba ni 16,620, salio 1,014,588. Mwezi wa 6 unafunga na salio la 626,783. Mwezi wa 12 unaanza na 108,393, riba yake ni 1,626, na rejesho la mwisho linakuwa 110,019, yaani tatu zaidi ya mengine. Jumla ya riba ni 120,195.

Ukaguzi usiokagua

Hapa ndipo matoleo mengi ya kikokotoo hiki yanapoteleza. Mtengenezaji anaweka seli yenye maandishi "SAWA" inayowaka kijani pale salio la mwisho linapokuwa sifuri, au pale jumla ya safu ya mtaji inapolingana na mkopo. Inaonekana ni ukaguzi mzuri. Lakini itazame tena `D2`: rejesho la mwisho limetengenezwa ili salio liwe sifuri. Kwa hiyo litakuwa sifuri siku zote, iwe riba imekosewa au haijakosewa. Na salio likiwa sifuri, jumla ya mtaji italingana na mkopo siku zote pia, maana ni kitu kilekile kilichosemwa kwa namna nyingine.

Tujaribu. Mtu anaondoa ufungaji wa seli na kwa bahati mbaya anaandika 13,000 juu ya fomula ya riba ya mwezi wa 4, ambapo palikuwa na 13,797. Salio linashuka kwa 797 isivyostahili, na pengo hilo linajizidisha kwa riba kila mwezi hadi kufika karibu 898 mwishoni. Ratiba inafunga kwenye sifuri kamili. Jumla ya mtaji ni 1,200,000 kamili. Taa ya kijani inawaka. Kitu pekee kilichobadilika ni rejesho la mwisho, ambalo sasa ni karibu 109,120 badala ya 110,019, na hakuna aliyeambiwa alitazame.

Basi ukaguzi utazame palepale kosa linapokusanyikia. Swali ni rejesho la mwisho linaruhusiwa kutofautiana na mengine kwa kiasi gani. Makosa halali yanatoka kwenye kukadiria tu: rejesho linaweza kukosewa kwa nusu, riba ya kila mwezi kwa nusu nyingine, na kila nusu inakua kwa riba hadi mwisho. Nusu mbili ni moja, kwa hiyo ukomo ni sawa na thamani ya mwisho ya kuweka moja kila mwezi kwa riba ileile. Kwa mkopo huu ni 13.04. Fomula inakuja yenyewe:

```
=ABS(INDEX(Ratiba!D2:D61,Ingizo!B5)-Ingizo!B11)
   <=FV(Ingizo!B10,Ingizo!B5,-1)
```

Tofauti ya 3 inapita. Tofauti ya karibu 900 inakamatwa. Faida ya kutumia `FV` badala ya kuandika ukomo wa kubuni, tuseme 20, ni kwamba ukomo unakua wenyewe mkopo unapokuwa wa miezi 60, na unajibana mkopo unapokuwa wa miezi miwili.

Ukaguzi huohuo unakamata kosa kubwa zaidi. Mtu akichanganya mbinu mbili na kuingiza rejesho la riba isiyopungua, 118,000, ndani ya ratiba ya salio linalopungua, rejesho la mwisho litatoka karibu 13,900. Ni wazi kwamba mkopo ulikuwa unalipwa haraka kuliko inavyohitajika, na salio la sifuri lisingelisema hilo kamwe.

Njia ya pili kufika palepale

Ukaguzi wa pili unapatikana ndani ya mhadhara wenyewe, kwenye sehemu ambayo wengi wanadhani haihusiani na kikokotoo: riba mchanganyiko. Salio baada ya mwezi wa 6 linaweza kupatikana bila kugusa ratiba. Chukua mkopo ukue kwa 1.5% mara sita kana kwamba hakuna aliyelipa chochote, unapata 1,312,131.92. Kisha chukua marejesho sita nayo yakue, kila moja kuanzia siku lilipolipwa, unapata 685,350.28. Toa. Linabaki 626,781.64. Ratiba ilisema 626,783. Tofauti ni chini ya moja na nusu, nayo yote imetokana na kukadiria.

```
=FV(Ingizo!B10,6,Ingizo!B11,-Ingizo!B3)
```

Thamani ya ukaguzi huu ni kwamba umefika kwa njia nyingine. Ratiba inatembea mwezi kwa mwezi kwa kujumlisha na kutoa. `FV` inaruka moja kwa moja. Kosa lililomo kwenye mstari mmoja wa ratiba haliwezi kuwamo kwenye mruko huo. Kwa mwanafunzi kuna faida nyingine: anaona kwamba sura mbili za mhadhara zilizofundishwa kama mada mbili ni jambo moja.

Weka namba ya mwezi kwenye seli badala ya kuandika 6 ndani ya fomula, ili anayekagua achague mwezi wowote. Kosa la 797 la mwezi wa 4 halionekani ukikagua mwezi wa 3, na linaonekana ukikagua mwezi wa 4 na kuendelea. Kwa kuhamisha namba hiyo moja, mtu anaweza kuuwinda mstari wenye kosa mpaka aupate.

Mifano iliyoandikwa, siyo iliyokokotolewa

Karatasi ya tatu, `Mifano`, inabeba majibu ya mkono. Kanuni yake ni moja tu: jibu linalotegemewa liandikwe kama namba, lisiwe fomula. Mfano ambao jibu lake limetolewa na `PMT` na kisha kulinganishwa na `PMT` utakubaliana na nafsi yake hadi mwisho wa dunia.

Mfano wa kwanza uwe mdogo kiasi kwamba mtu anaweza kuufanya kwenye kipande cha karatasi. Mkopo 1,000, miezi 2, riba 12% kwa mwaka, yaani 1% kwa mwezi. Tuliite rejesho R. Baada ya mwezi wa kwanza deni ni 1,010 kutoa R. Baada ya wa pili linazidishwa kwa 1.01, R nyingine inatolewa, na lazima libaki sifuri. Kwa hiyo 1,020.10 ni sawa na 2.01 mara R, na R ni 507.51. Hakuna fomula ya marejesho iliyotumika. Ni hoja ya deni tu. Lahajedwali linapaswa kutoa 508 kwenye `B11`, salio la 502 baada ya mwezi wa kwanza, riba ya 5 na rejesho la mwisho la 507.

Mifano miwili inayofuata ni ya kingo. Mkopo wa 1,200,000 kwa mwezi mmoja tu kwa 18% lazima utoe 1,218,000 kwa mbinu zote mbili, isiyopungua na inayopungua, kwa sababu kwa mwezi mmoja hakuna salio lililopungua bado. Mkopo huohuo kwa miezi 12 kwa 0% lazima utoe 100,000 kwa mbinu zote mbili. Mifano hii inakamata kosa la kawaida sana la riba isiyopungua, ambapo mtengenezaji anazidisha mkopo kwa riba ya mwaka na kusahau kuzidisha kwa miezi kugawanya 12. Kwa mkopo wa mwaka mmoja kosa hilo halionekani hata kidogo. Kwa mkopo wa mwezi mmoja linatoa 1,416,000, na linajitangaza lenyewe. Mfano wa mhadhara, kwa bahati mbaya, ni wa mwaka mmoja.

Mfano wa nne ndio huo wa mhadhara. Kabla ya kuwapa wanafunzi faili, ingiza mifano yote minne kwenye `Ingizo` mmoja baada ya mwingine na ulinganishe.

Kosa ambalo ukaguzi wa ndani hauwezi kulikamata

Kuna makosa ya kipimo ambayo yanapiga kelele na mengine yanayonyamaza. Mtu akiandika 18 kwenye seli isiyowekwa muundo wa asilimia, programu inasoma 1,800%. Rejesho linatoka 1,800,030 kwa mwezi, na hata aliyesinzia ataona. Kizuizi kinachokataa namba iliyozidi 1 kwenye `B4` kinalimaliza hilo.

Kosa linalonyamaza ni hili. Mkopeshaji anasema riba ni 1.5%, akimaanisha kwa mwezi. Mtumiaji anaandika 1.5% kwenye seli ya riba ya mwaka. Lahajedwali linatoa rejesho la 100,814, ratiba inafungana, rejesho la mwisho liko ndani ya ukomo, `FV` inakubaliana. Ukaguzi wote unapita, na ni sahihi kupita, maana hesabu iliyofanywa ni sahihi kwa swali ambalo halikuulizwa. Maandishi ya seli yaseme wazi "Riba kwa MWAKA (ikiwa umetajiwa ya mwezi, zidisha kwa 12)", lakini maandishi peke yake hayatoshi.

Ndiyo sababu ya `B7`. Rejesho la mkataba ni namba inayotoka nje ya lahajedwali, kwa hiyo ndiyo pekee inayoweza kulibishia. `B13` inaichukua na kurudi nyuma: kama mtu anapokea 1,200,000 na kulipa kiasi hiki mara 12, riba ya salio linalopungua ni ngapi kwa mwaka? Ikitoka 18% wakati umeandika 1.5%, umekosea kipimo. Ikitoka karibu na kile ulichoandika, mkataba na lahajedwali vinasema lugha moja.

Kwa rejesho la 118,000, `B13` inatoa 31.72%. Hapo ndipo mhadhara unapopata uzito wake. Asilimia 18 iliyotajwa si uongo wa hesabu, ila imehesabiwa juu ya deni ambalo mkopaji hana tena. Tazama mwezi wa 12 wa mpango huo: mtaji uliobaki mkononi ni 100,000 na riba inayotozwa bado ni 18,000, sawa na 18% kwa mwezi mmoja huo.

Je, 31.72% yenyewe inaaminika? `RATE` haina fomula ya moja kwa moja; inakisia na kusahihisha hadi ikaribie, kwa hiyo inastahili kukaguliwa kwa mkono. Ukilipa mtaji kwa mafungu sawa, salio la wastani ni nusu ya jumla ya 1,200,000 na 100,000, yaani 650,000. Riba yote ni 216,000. Gawanya, unapata 33.23%. Makadirio haya yanazidi jibu la kweli daima, isipokuwa kwa mkopo wa mwezi mmoja ambapo yanalingana, na yanazidi zaidi kadiri muda unavyokuwa mrefu. Jibu la `RATE` lililo chini kidogo ya makadirio linakubalika. Likiwa juu yake, au likiwa nusu yake, tafuta alama iliyogeuka au miezi iliyochanganywa na miaka. Kwenye lahajedwali makadirio hayo ni `=B4*2*B5/(B5+1)`.

Ada inaongeza jambo ambalo mhadhara uligusia kwa sentensi moja. Ikikatwa 24,000 mwanzoni, yaani 2% ya mkopo, mkopaji anapokea 1,176,000 lakini analipa kana kwamba alipokea 1,200,000. Kwa mkopo wa salio linalopungua wenye rejesho la 110,016, riba ya mwaka, inayotolewa na `B14`, inapanda kutoka 18% hadi 21.91%. Kwa ule wa 118,000 inafika 35.76%. Ada ya 2% kuongeza karibu pointi nne kunashangaza wengi, na sababu yake ni ileile: inalipwa siku ya kwanza, wakati wastani wa deni ni kama nusu tu ya mkopo. Ada isiyokatwa bali kuongezwa juu ya mkopo ni kisa kingine. Hapo `B3` yenyewe inaongezeka kwa ada na `B6` inabaki na ada hiyo, ili `B14` ihesabu fedha ambayo mkopaji amepokea kweli.

Asilimia zote hizi ni riba ya mwezi mara 12. Mhadhara pia ulifundisha riba halisi ya mwaka, inayohesabu riba juu ya riba, na kwa hiyo 31.72% inakuwa 36.76% kwa `=EFFECT(B13,12)`. Zote mbili ni sahihi. Kosa ni kulinganisha mkopo mmoja kwa kipimo hiki na mwingine kwa kipimo kile, hivyo onyesha zote mbili zikiwa na majina kamili au chagua moja na uifuate hadi mwisho.

Mahali lahajedwali linapoishia

Wakopeshaji wengi huhesabu riba kwa siku badala ya miezi sawa, wakigawanya mwaka kwa siku 365 au 360. Ratiba yao itatofautiana na hii kwa kiasi kidogo kila mwezi, na zaidi mwezi wa kwanza ikiwa siku za kusubiri rejesho la kwanza zinazidi mwezi. Tofauti ya namna hiyo kwenye `B13` ni ya sehemu ndogo za asilimia. Haiwezi kuigeuza 18% kuwa 31.72%.

Kumaliza mkopo mapema ni jambo ambalo halipaswi kukokotolewa kwa kukisia. Baada ya mwezi wa 6, ratiba ya salio linalopungua inasema anadaiwa 626,783, na jibu hilo linatoka kwenye hesabu yenyewe. Kwa riba isiyopungua, mtaji uliobaki ni 600,000, na riba ya miezi sita ijayo ni 108,000. Kama hiyo 108,000 inadaiwa yote, inasamehewa yote au inagawanywa, linaamuliwa na kifungu cha mkataba. Kwa hiyo seli ya "kiasi cha kumaliza mkopo mapema" kwa mbinu hiyo iwe ya kuingizwa na mtumiaji kutoka kwenye mkataba wake, na kando yake lahajedwali lionyeshe tu mipaka yake miwili, 600,000 na 708,000.